Mkanda Mpya wa Saa Haukai: Dalili, Sababu na Marekebisho

Mjomba wangu anakaa Kibokoni, hapa Mombasa, na kazi yake iko Likoni, kwa hiyo kivuko ni chake asubuhi na jioni. Siku moja alikuwa anashuka na umati, begi begani, saa ikamchomoka mkononi na kuangukia kwenye chuma cha ngazi ya feri. Kijana aliyekuwa nyuma yake aliiokota kabla haijakanyagwa. Kioo kilikuwa kizima. Mkanda wa ngozi, ambao ulikuwa haujamaliza wiki mbili tangu ununuliwe, ulikuwa unaning'inia upande mmoja tu.

"Mwanangu, mkanda huu mbovu," aliniambia jioni ile.

Nikaushika, nikauvuta, nikaukunja. Mkanda ulikuwa mzuri, ngozi ya ng'ombe halisi, mshono umekaza. Kasoro ilikuwa kwamba saa yake inataka mkanda wa milimita 20 na yeye alinunua wa 18. Tangu hapo kila anayeniletea saa na malalamiko ya mkanda, ninaanza na rula kabla ya kusikiliza mengine, na mara nyingi rula ndiyo inayojibu.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Kasha ni mwili wa saa. Zile ncha nne zinazotokeza kwenye kasha, mbili juu na mbili chini, nitaziita masikio. Kati ya sikio na sikio kuna pini yenye springi ndani, na pini hiyo hupita kwenye tundu la mwisho wa mkanda. Bizimu ni ile ya kufungia. Mkanda wa chuma nitauita cheni, kama tunavyouita sote, na vipande vyake nitaviita pingili.

Mkanda unacheza kushoto na kulia, au pengo linaonekana pembeni mwake

Sababu ya kwanza, inayozidi nyingine zote, ni kwamba umepimwa mahali pasipo. Kipimo cha mkanda ni upana wa nafasi iliyo kati ya masikio mawili, ndani kwa ndani. Upana wa kasha hauhusiki. Unene wa masikio hauhusiki. Na mkanda wa zamani hauaminiki, kwa sababu mikanda mingi hupungua upana ikielekea kwenye bizimu: wa 20 unaweza kuishia 18 au 16. Mjomba alikuwa ameweka rula karibu na bizimu, akasoma 18, akaenda dukani na jibu hilo. Hata ukipima upande wa kasha, ngozi iliyokaa muda mrefu huwa imebanwa au imetanuka, na inaweza kukupotosha kwa milimita nzima.

Pima hivi. Vua mkanda wa zamani ikiwa unaweza. Chukua kadi ngumu kidogo, kama ya mwaliko wa harusi, ukate ukanda mwembamba. Uingize kati ya masikio, usawa wa matundu ya pini, ukiupunguza kidogo kidogo kwa mkasi mpaka uingie bila kubanwa na bila kucheza. Sasa ulaze kwenye rula. Usianzie ukingoni mwa rula, kwa maana ncha za rula nyingi zimelika. Anzia kwenye alama ya milimita 10, usome mwisho, kisha utoe 10. Kadi ya mjomba iliishia kwenye 30. Tukatoa 10, tukapata 20. Ukiwa na kalipa, kile kifaa chenye taya mbili cha mafundi wa vyuma, tumia zile taya ndogo za juu zinazopima ndani. Ni rahisi zaidi, lakini kadi inatosha.

Pima juu, pima na chini, kila upande mara mbili. Vipimo vya saa za kiume huwa mara nyingi 18, 20, 22 au 24, na vya saa ndogo za kike 12, 14 au 16. Ukipata 19.8 au 20.2, hiyo ni 20. Ukipata 19 au 21 kamili na ukarudia ukapata vilevile, usiseme umekosea. Saa za namna hiyo zipo, ingawa mikanda yake ni adimu kidogo. Saa ya 19 unaweza kuivisha ngozi laini ya 20 kwa kuibana kidogo, haitaharibika. Kuivisha ya 18 ndiko kunakoleta pengo.

Muuzaji akikwambia "inchi", mwombe milimita. Akikwambia "saizi ya kati", mwonyeshe kadi yako. Ninawashauri watu waende dukani na ile kadi yenyewe mfukoni, kwa sababu mkanda unaweza kulazwa juu yake papo hapo na mabishano yakaisha.

Ikiwa kipimo ni sahihi na bado mkanda unacheza, tazama tundu la mkanda linalopita pini. Mkanda ukitengenezewa pini nene ukavishwa pini nyembamba, hupandishwa na kushushwa na kila mtikisiko wa mkono. Pini za kawaida zina unene wa milimita 1.5, nyingine 1.8. Saa nyingi za kupigia mbizi za Seiko hutumia pini za 2.5. Tiba ni kununua pini ya urefu uleule iliyo nene zaidi, mradi ncha zake ziingie kwenye matundu ya masikio.

Mkanda hauingii, au umeingia lakini umejipinda

Angalia kipimo tena. Ngozi au mpira uliozidi milimita moja unaweza kuubana ukakaa, ukizidi mbili utajikunja katikati kama kanga iliyobanwa mlangoni, na pini itakuwa inasukumwa nje muda wote. Cheni haina msamaha huo. Chuma kilichozidi hata nusu milimita hakiingii, na ukikipiga nyundo utapanua masikio ya saa.

Kuna sababu ya pili ambayo watu hawaifikirii: unene. Mkanda wa ngozi unaweza kuwa na unene wa milimita 2, au hata 4 na zaidi. Matundu ya masikio yakiwa karibu sana na kasha, mkanda mnene unagusa kasha kabla pini haijafika tunduni. Utajua kwa kutazama saa kwa ubavu: mkanda unasimama wima badala ya kuinama kufuata mkono. Chagua mwembamba mwishoni, au tafuta pini iliyopinda, ile inayoacha nafasi kati ya mkanda na kasha.

Sababu ya tatu ni saa zenye umbo lake peke yake. Saa nyingi za plastiki za michezo zina mkanda wenye mkato au meno yanayoingia kwenye kasha, na cheni nyingi zina kipande cha mwisho kilichopinda kufuata mviringo wa kasha la saa ile tu. Hapo upana pekee hautoshi. Soma namba ya modeli nyuma ya kasha, utafute mkanda wa modeli hiyo. Kama ni cheni ya kawaida unayotaka, chagua yenye mwisho ulionyooka. Kipande kidogo cha pengo la mviringo kitaonekana, lakini itashika.

Saa inachomoka mkononi

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa, kwa sababu haikupi nafasi ya pili ukiwa juu ya maji.

Mara nyingi ncha moja ya pini haikuingia tunduni. Ilisimama pembeni mwa tundu, imebanwa na springi yake yenyewe, ikaonekana imekaa. Ukaguzi wake ni wa nusu dakika. Shika kasha kwa mkono mmoja, vuta mkanda kwa mwingine kwa nguvu ya wastani, kisha usukume kushoto na kulia. Pini iliyokaa haisogei. Wakati wa kuiingiza sikiliza pia: ncha ikiingia hutoa mlio mdogo, "tik". Usiposikia, bado.

Sababu inayofuata ndiyo iliyompata mjomba, pini fupi. Pini huuzwa kwa kipimo cha nafasi ya masikio: pini ya 18 ni ya saa ya 18. Ncha zake mbili hutokeza takriban milimita moja kila upande, ili ziingie matunduni. Sasa fikiria pini hiyo kwenye saa ya 20. Ikijinyoosha yote, kutoka ncha hadi ncha, inafika 20 kwa taabu, yaani ncha zinagusa midomo ya matundu tu. Inakaa ukiwa umekaa. Ukinyanyua begi, ukasukumwa na umati, inaachia. Mkanda wake ulikuja na pini zake kwenye paketi, akazitumia akaamini kwamba mpya ni bora kuliko ya zamani. Tuliweka mkanda wa 20 na pini za 20, tukavuta, tukatikisa, na saa hiyo imevuka kivuko kila siku tangu wakati huo.

Baada ya hapo kuna pini iliyochoka. Mikononi mwa watu wa pwani pini hufa mapema, kwa sababu jasho na chumvi huingia kwenye kile kimrija chake na springi inashika kutu ndani, usikoona. Ibonyeze kwa kucha: ikirudi polepole, ikikwama, au ikiwa imepinda hata kidogo, itupe. Pini ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye saa. Mimi hubadilisha kila ninapobadilisha mkanda, bila kujadiliana.

Sababu ya mwisho, na nadra, ni tundu la sikio lililolika likawa la mviringo mrefu. Mulika kwa tochi ya simu. Matundu mawili ya upande mmoja yafanane. Moja likiwa limetanuka, acha. Usijaze gundi. Hiyo ni kazi ya fundi wa saa, ambaye anaweza kukupatia pini yenye ncha nene au kulijaza tundu na kulitoboa upya.

Pini ya zamani haitoki

Kwanza tayarisha mahali. Tandaza taulo jeupe juu ya sinia, uweke saa kifudifudi, kioo chini. Pini ikiruka itaangukia kwenye taulo. Bandika selotepu kwenye masikio, upande wa ndani na wa nyuma, chuma kisichubuke. Vaa miwani yoyote uliyo nayo, hata ya kusomea. Pini yenye springi ikifyatuka hukimbilia uso ulioinama juu yake.

Kifaa sahihi ni kijiti cha chuma chenye ncha iliyogawanyika kama uma mdogo, ambacho wauza saa huwa nacho. Ukiingize kati ya mkanda na sikio kwa upande wa nyuma, ushike lile bega dogo la pini, uliburute kuelekea katikati ya mkanda, halafu unyanyue. Kisu cha jikoni hakifai. Kinateleza, na kinapoteleza kinapiga mstari kwenye kasha au kwenye kidole gumba.

Isipotoka, tazama kwa nje ya sikio. Kama tundu limetoboa mpaka nje, sukuma ncha ya pini kutoka huko kwa sindano butu, itakuja. Kama mkanda wenyewe una kijitokezo kidogo cha chuma upande wa ndani, hiyo ni pini ya kufungua kwa kidole: kivute kuelekea katikati, huhitaji kifaa chochote.

Kama hakuna moja kati ya haya na mkanda wa zamani hutaki tena, ukate kwa mkasi karibu na pini, uondoe ngozi au mpira. Pini ikibaki uchi utaishika vizuri zaidi. Ikigoma bado, imeshikwa na kutu. Weka tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti cha meno kwenye kila tundu, upanguse yanayozidi yasielekee kwenye kioo wala kwenye kitufe cha kurekebishia saa, uiache usiku kucha. Jaribu asubuhi.

Ukijaribu asubuhi ikakataa, simama. Vilevile simama ikiwa ncha imekatika ikabaki ndani ya tundu, ikiwa saa ni ya dhahabu au imepakwa dhahabu, au ikiwa pini haina mabega wala springi bali ni chuma kimoja kilichochomelewa masikioni. Hii ya mwisho haitolewi. Huvishwa mkanda mrefu wa kitambaa unaopitishwa chini ya kasha. Kwa zile nyingine mpelekee fundi, na umwambie wazi kwamba ulijaribu mafuta na ulisukuma kutoka upande upi. Atafupisha kazi.

Ngozi inanuka, inakakamaa au inachanika mapema

Ngozi ina heshima yake mkononi, hasa ya kahawia juu ya kanzu nyeupe siku ya Ijumaa, na sitamzuia mtu kuinunua. Lakini Mombasa hewa yenyewe ni nyevu, na kinachoiua ngozi haraka ni maji yasiyopata muda wa kukauka. Anayetia udhu mara tano kwa siku na mkanda mkononi anailowesha ngozi mara tano, na kati ya swala na swala jasho linaendeleza. Ndani ya miezi michache upande wa ndani unakuwa mweusi, unaanza harufu ya siki, halafu unapasuka kwenye lile tundu unalofungia kila siku.

Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza ni mazoea yako. Vua saa kabla ya udhu na kabla ya kuoga, uiweke mahali pamoja kila siku usiisahau. Usifunge mkanda ukakaza. Kidole kimoja kipite chini yake. Mchana mkono huvimba kidogo kwa joto, kwa hiyo chagua tundu la kufungia saa nane mchana, si asubuhi na mapema.

Mkanda ukilowa, upanguse kwa kitambaa kikavu na uuache kivulini penye upepo mpaka kesho. Usiuanike juani wala juu ya gari. Jua la hapa huikausha ngozi ikawa kama kigae, na siku ukiikunja inavunjika. Madoa meupe ya kuvu yaliyotokea kabatini yapanguse nje ya nyumba, halafu uupe mkanda hewa. Harufu ikirudi baada ya siku mbili imeshaingia kati ya tabaka. Hapo mkanda umekwisha, na hakuna manukato yatakayoufufua.

Ikiwa mkanda umechanika kabla ya hata miezi mitatu bila kulowa, shaka aina ya ngozi. Tazama ubavu wake. Ngozi kamili huonyesha nyuzi zilizosokotana. Unga wa ngozi uliogandishwa huonyesha tabaka laini kama kadibodi, na juu yake kuna ngozi bandia inayobanduka vipande vipande. Ngozi yenye kitambaa cha nailoni au mpira upande wa ndani hustahimili jasho kuliko ngozi tupu.

Ninachofanya mimi ni kuwa na mikanda miwili yenye pini za kufungua kwa kidole, wa mpira kwa siku za kazi na wa ngozi kwa harusi na Ijumaa. Kubadilisha ni dakika mbili.

Cheni inakuletea vipele, ina madoa, au imelegea

Vipele chini ya cheni mara nyingi vinatokana na jasho na povu la sabuni lililokauka kati ya pingili. Ivue kwa siku tatu, uisafishe kwa mswaki laini na sabuni ya maji, uikaushe sawasawa, ndipo uivae tena. Vikirudi hapohapo, fikiria nikeli, madini yanayowasha ngozi za watu wengine. Cheni za bei ya chini huwa ni shaba nyeupe au chuma kilichopakwa rangi ya fedha, na mpako ukilika jasho linagusa kilicho chini. Kama na bizimu ya mshipi wako wa suruali hukuwasha tumboni, hiyo ni dalili nzito zaidi ya nikeli. Vipele vikitoa maji, vikivimba au visipopungua wiki nzima bila saa, nenda kwa daktari wa ngozi.

Madoa na vitundu vidogo vidogo hushangaza watu, kwa sababu waliambiwa chuma hiki hakishiki kutu. Chuma kizuri cha saa, kile kinachoandikwa 316L, kinastahimili sana, lakini chumvi ya bahari ikikauka mahali pembamba kati ya pingili hukila polepole. Ukitoka baharini suuza cheni siku ileile kwa maji matamu. Nasisitiza matamu, kwa sababu nyumba nyingi hapa hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na kusuuza kwa hayo ni kuongeza. Kikombe kimoja cha maji ya kunywa kinatosha. Kama saa yenyewe haizuii maji, vua cheni kwanza.

Cheni ikilegea, usikimbilie kutoa pingili. Tazama ubavuni mwa kifungio kama kuna vitundu vitatu au vinne vilivyopangana. Bonyeza ile pini iliyomo, isogeze tundu moja au mawili, na huenda shida ikaisha. Ikiwa bado imelegea sana, tazama ndani ya cheni kwenye pingili zenye mshale. Sukuma pini ya pingili ielekee mshale unakoelekea. Wakati wa kuirudisha, ielekeze kinyume cha mshale. Toa idadi sawa pande zote mbili, au zaidi upande ulio mrefu, mpaka kifungio kikae katikati ya mkono kwa ndani. Fanya hivyo juu ya lile sinia, kwani cheni nyingine zina kimrija kidogo sana katikati ya pingili kinachodondoka bila mlio. Kikipotea, pini haitashika tena hata ukiigonga vipi. Na cheni yenye skrubu badala ya pini, ikikataa kwa bisibisi inayoingia sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, usiongeze nguvu. Huenda imewekwa gundi ya kiwandani, na fundi huilegeza kwa moto wa kiasi anachokijua yeye.

Mkanda wa mpira unanata, unameng'enyuka au unakatika tunduni

Kwa mtu wa Mombasa anayetaka mkanda mmoja tu wa kila siku, mpira ndio ninaoupendekeza: udhu hauudhuru, jasho linapanguswa, chumvi inasuuzwa. Lakini mpira ni jina la vitu vingi.

Ukinata vidoleni au ukimeng'enyuka kama biskuti, karibu hakika ni plastiki ya poliurethani. Unyevu wa hewa huivunja kwa ndani, hata ikiwa drooni tu bila kuvaliwa, na kwa hewa yetu haichukui miaka mingi. Haina dawa. Poda huficha kunata kwa siku mbili, kisha kunarudi.

Kabla ya kuulaumu umri, jiulize unajipaka nini. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha baadhi ya plastiki, na mpira wa asili huvimba ukipakwa mafuta kila siku, yakiwemo ya nazi. Jipake, subiri ngozi inywe, unawe kiwiko cha mkono mpaka kiganja, ndipo uvae saa.

Silikoni hainati namna hiyo, ila hukusanya vumbi na huchanika kwenye tundu la kufungia mtu anapouvuta mkanda kwa kasi. Ukiona ufa mdogo kwenye ukingo wa tundu, hamia tundu jingine leo na ununue mkanda mwingine wiki hii. Ufa huo hauchukui muda kufika ukingoni. Ukipata mpira ulioandikwa FKM, huo unastahimili mafuta kuliko silikoni, bei yake pia ni kubwa zaidi.

Mjomba sasa anavaa wa silikoni, mweusi, wa 20. Ile kadi ya mwaliko tuliyoipimia bado iko kwenye pochi yake, nyuma ya kitambulisho, na kila duka analoingia huitoa kabla hajasema anataka rangi gani.